Nani Anavuka? Umbo la -ant, Kihusishi en na Kiambishi -ki- katika Uandishi wa Kifaransa Gihosha, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tofauti kati ya maumbo mawili ya kitenzi cha Kifaransa yanayoishia kwa -ant: umbo linalosimama peke yake, na umbo linalotanguliwa na kihusishi en ili kuonesha vitendo viwili vinavyofanyika kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo inatazamwa kwa macho ya mtu anayezungumza Kirundi na Kiswahili na kuandika Kifaransa, hali iliyo ya kawaida Gihosha na katika mitaa mingine ya Bujumbura. Hoja kuu ni kwamba Kifaransa hutumia en kueleza jambo ambalo lugha za Kibantu hulieleza kwa kiambishi cha mtenda, na kwamba mifumo hiyo miwili hailingani kikamilifu. Pale ambapo watu wawili wa nafsi ya tatu wanahusika, Kiswahili huliacha wazi swali la nani alitenda, ilhali Kifaransa hulifunga. Mtafsiri wa maelezo ya shahidi hujikuta akiamua jambo ambalo shahidi hakulisema.

1. Utangulizi

Gihosha iko upande wa kaskazini-mashariki wa Bujumbura. Hadi mwaka 2014 ilikuwa mojawapo ya tarafa 13 za jiji hilo. Mwaka huo tarafa hizo ziliunganishwa kuwa tatu, yaani Muha, Mukaza na Ntahangwa, na Gihosha ikawa zoni ndani ya Ntahangwa. Mkazi wa huko huishi kati ya lugha kadhaa. Nyumbani husema Kirundi, ambacho ndicho lugha ya taifa. Sokoni na safarini husikia Kiswahili, lugha yenye mizizi mirefu katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza. Anapoingia ofisini, au anapomfuata mtoto wake shuleni, hukutana na Kifaransa kilichoandikwa: fomu, barua, taarifa na hati.

Sheria ya lugha ya mwaka 2014 iliongeza Kiingereza miongoni mwa lugha rasmi za Burundi, lakini haikukiondoa Kifaransa katika maandishi ya serikali. Aidha, tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, hati zake zimezidi kuvuka mipaka kwenda katika nchi ambako msomaji anatarajia Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo sentensi moja inaweza kuanza kama maelezo ya mdomo kwa Kirundi au Kiswahili, ikaandikwa kwa Kifaransa, kisha ikarejeshwa kwa Kiswahili na mtu mwingine ambaye hakumsikia msemaji wa kwanza.

Katika safari hiyo ya sentensi, maumbo ya -ant ni mahali ambapo maana hupotea bila kelele. Kosa la msamiati huonekana upesi, kwa kuwa neno lisilofaa humshtua msomaji. Kosa la en halimshtui mtu, kwa sababu sentensi hubaki sanifu na yenye maana. Ila maana hiyo humhusu mtu mwingine. Mifano yote inayochambuliwa hapa imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi, na hakuna uliotolewa katika jalada la ofisi yoyote.

2. Maumbo mawili yenye mwisho mmoja

Umbo la -ant huundwa kwa kuchukua kitenzi cha wakati uliopo katika nafsi ya kwanza wingi, kuondoa -ons na kuweka -ant. Kutoka nous traversons hupatikana traversant, na kutoka nous finissons hupatikana finissant. Vitenzi vitatu tu huivunja kanuni hii: être hutoa étant, avoir hutoa ayant, na savoir hutoa sachant. Mwanafunzi wa Gihosha huimudu hatua hii mapema, na si hapo penye tatizo.

Tatizo linaanzia katika historia. Kilatini kilikuwa na maumbo mawili tofauti. Moja lilikuwa aina ya sifa inayotokana na kitenzi, lililofuata nomino yake na kupatana nayo. La pili lilikuwa aina ya jina la kitenzi, lililoeleza namna au wakati wa kitendo kingine. Mabadiliko ya sauti yaliyokizaa Kifaransa yaliyafanya yote mawili yaishie kwa -ant. Tofauti ya umbo ikafutika, lakini tofauti ya kazi ikabaki, na kihusishi en kikawa alama ya lile la pili. Katika makala haya, umbo lisilo na en linaitwa partisipo, na umbo lenye en linaitwa jerandi.

Mwaka 1679 Akademia ya Ufaransa iliamua kwamba partisipo haitapatanishwa tena na nomino yake kwa jinsia wala kwa idadi. Tangu hapo huandikwa une femme traversant la rue na des enfants traversant la rue bila badiliko lolote katika traversant. Uamuzi huo uliwarahisishia waandishi kazi, lakini uliondoa kidokezo muhimu. Partisipo ilipokuwa ikipatana na nomino, msomaji aliweza kuona kwa jicho kitendo ni cha nani. Baada ya hapo alibaki na vidokezo viwili tu: nafasi ya umbo hilo katika sentensi, na kuwapo au kutokuwapo kwa en.

Vidokezo hivyo viwili hufanya kazi kwa njia tofauti. Partisipo huegemea nomino iliyo karibu nayo, kama sifa inavyofanya. Jerandi haiegemei nomino. Huegemea kitenzi kikuu, na kwa sababu hiyo mtenda wake huwa ni kiima cha kitenzi hicho, popote jerandi itakapowekwa. Ndiyo maana sentensi mbili zifuatazo hutofautiana kwa herufi mbili tu, lakini hueleza matukio mawili:

(1) J'ai vu Jean sortant de l'église.
(2) J'ai vu Jean en sortant de l'église.

Katika (1) anayetoka kanisani ni Jean. Katika (2) anayetoka ni msemaji.

3. Vitendo viwili, mtenda mmoja

Kazi ya kwanza ya jerandi ni kueleza kwamba vitendo viwili vinafanyika pamoja. Elle chante en balayant la cour humaanisha kwamba mwanamke anaimba huku akifagia ua. Jerandi haina njeo yake yenyewe. Huazima ile ya kitenzi kikuu. Ikisemwa elle chantait, kufagia nako huhamia wakati uliopita. Kiambishi -ki- cha Kiswahili huenda vivyo hivyo, kwani katika anaimba akifagia na aliimba akifagia hakuna kinachobadilika ndani ya akifagia. Kufanana huko humvutia mwanafunzi kuona kwamba -ki- na en ni kitu kimoja. Kuna mipaka mitatu inayoonesha kwamba sivyo.

Mpaka wa kwanza unahusu mtenda. Kiswahili kinaruhusu kusema anaimba huku dada yake akifagia. Watenda ni wawili, na kiambishi -ki- hakilalamiki. Jerandi haiwezi kubeba maana hiyo, kwa sababu haina nafasi ya kiima chake yenyewe. Kifaransa hulazimika kutumia kishazi kamili: elle chante pendant que sa sœur balaie. Kwa hiyo jerandi haioneshi tu kwamba vitendo vinafanyika wakati mmoja, bali pia kwamba vimo mikononi mwa mtu mmoja. Vitabu vingi vya shule husisitiza sehemu ya kwanza ya kanuni hii, na sehemu ya pili hupita kama nyongeza, ilhali ndiyo inayomtatiza mwanafunzi wa Kibantu.

Mpaka wa pili unahusu uzito. Vitendo viwili vinapounganishwa kwa en, havilingani hadhi. Kile cha kitenzi kikuu ndicho habari, na kile cha jerandi ni mazingira yake. Il conduisait en téléphonant na il téléphonait en conduisant huweza kueleza tukio lile lile barabarani, lakini ya kwanza ni habari kuhusu uendeshaji, na ya pili ni habari kuhusu simu. Mwandishi wa taarifa huchagua, kwa kujua au kwa kutojua, kile anachotaka msomaji akitazame. Kikiongezwa kielezi tout, kama katika tout en conduisant, kuambatana kwa vitendo kunasisitizwa zaidi, na mara nyingi huingia dokezo la kupingana. Tout en sachant que la route était fermée ni huku akijua kwamba barabara imefungwa, yaani ingawa alijua.

Mpaka wa tatu unahusu sababu. Mtu anayetaka kueleza kwa nini hakuhudhuria mkutano huandika, kwa mfano, en étant malade, je ne suis pas venu. Hali ya ugonjwa haikuwa kitendo kilichoambatana na kutokuja. Ilikuwa chanzo chake. Kifaransa hupendelea partisipo hapo: étant malade, je ne suis pas venu. Kinyume chake, njia ya kufanikisha jambo huelezwa kwa jerandi: il gagne sa vie en vendant du poisson, ambayo kwa Kiswahili si huku akiuza bali ni kwa kuuza samaki. Hapa mwanafunzi hupata mtego mwingine, maana kwa ku- humwelekeza kwenye kihusishi par na kitenzijina, naye huandika par vendre. Miongoni mwa vihusishi vya Kifaransa, en pekee ndicho hufuatwa na umbo la -ant. Vingine, kama sans na pour, hufuatwa na kitenzijina.

4. Kazi ya kiambishi cha mtenda

Swali linalofuata ni kwa nini tofauti ya sentensi (1) na (2), iliyo dhahiri kwa msomaji wa Kifaransa, hupita bila kuonekana kwa mwandishi anayefikiri kwa Kirundi au Kiswahili. Jibu ni kwamba mwandishi huyo ana chombo kingine, na chombo hicho hakimfundishi kuangalia en.

Kwa Kiswahili, sentensi (1) ni nilimwona Yohana akitoka kanisani, na (2) ni nilimwona Yohana nikitoka kanisani. Kiambishi -ki- hakikubadilika. Kilichobadilika ni kiambishi cha mtenda, a- au ni-. Mtenda wa kitendo cha pili hutajwa ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta kwa kuangalia nafasi ya neno au kihusishi kilichotangulia.

Kirundi hufanya vivyo hivyo, ila hakina kiambishi kinacholingana na -ki-. Katika yaje aririmba, yaani alikuja akiimba, kitenzi cha pili hubeba kiambishi cha mtenda, na utegemezi wake kwa kitenzi cha kwanza huoneshwa kwa toni. Toni hiyo haiandikwi katika tahajia ya kawaida. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kirundi amezoea kuona, katika maandishi, kitenzi cha pili chenye mtenda wake na bila alama nyingine yoyote ya kuambatana. Anapokutana na en traversant, huona kwamba mtenda hayumo, naye hudhani kwamba msomaji atamtambua kwa muktadha. Kuandika en au kuiacha humwonekea kama suala la mtindo.

Hivyo kosa halitokani na uzembe wala na uhaba wa mazoezi ya kuunda -ant. Linatokana na ukweli kwamba taarifa moja, yaani nani anatenda, imewekwa mahali tofauti katika lugha hizo. Lugha za Kibantu huiweka ndani ya kitenzi. Kifaransa huiweka katika uhusiano wa kitenzi na sehemu nyingine za sentensi. Mwalimu anayesahihisha kwa kuongeza au kufuta en kwa wino mwekundu, bila kumwuliza mwanafunzi ni nani anayetenda, husahihisha sentensi moja na kuliacha chimbuko la kosa.

5. Mfano: dereva, mtoto na njia panda

Kufikia hapa ingeweza kudhaniwa kwamba mfumo wa Kibantu ni bora, kwa kuwa humtaja mtenda waziwazi. Mfano ufuatao unaonesha kwamba uwazi huo una kikomo, na kikomo hicho kinaangukia mahali penye hatari.

Tuseme ajali imetokea katika mojawapo ya barabara zinazoteremka kutoka Gihosha kuelekea katikati ya jiji. Shahidi anaeleza kwa Kiswahili:

(3) Dereva alimwona mtoto alipokuwa akivuka njia panda.

Nani alikuwa akivuka? Dereva ni a-, na mtoto ni a-. Wote wawili ni wa ngeli ya watu, nafsi ya tatu umoja. Kiambishi kilichotenganisha nikitoka na akitoka hakiwezi kumtenganisha dereva na mtoto. Kirundi hakisaidii, kwa maana katika umushoferi yabonye umwana ajabuka ibarabara kiambishi cha ajabuka kinawafaa wote wawili, hata kama wasikilizaji wengi watamfikiria mtoto kwanza. Hata jinsia haisaidii: dereva akiwa mwanamume na mtoto akiwa msichana, viambishi vya Kiswahili na Kirundi hubaki vile vile.

Mwandishi wa taarifa sasa lazima aandike kwa Kifaransa. Ana njia mbili fupi:

(4) Le conducteur a aperçu l'enfant en traversant le carrefour.
(5) Le conducteur a aperçu l'enfant traversant le carrefour.

Kwa kanuni iliyoelezwa, (4) inasema kwamba dereva ndiye aliyekuwa akivuka njia panda. Gari lilikuwa tayari katikati ya makutano wakati mtoto alipoonekana, labda kando ya barabara. Sentensi (5) inasema kwamba mtoto ndiye aliyekuwa akivuka. Alikuwa tayari barabarani, na dereva alimwona hapo. Kwa mtu anayepima uwajibikaji, tofauti hiyo ni kubwa. Katika hali ya kwanza swali litakuwa kama gari lilikuwa na haki ya kupita na kama mtoto aliingia ghafla. Katika hali ya pili swali litakuwa kwa nini dereva, aliyemwona mtu barabarani, hakusimama.

Shahidi hakusema lolote kati ya hayo mawili. Sentensi (3) ilikuwa wazi kwa tafsiri zote, na huenda yeye mwenyewe, akiwa ameliona tukio, hakuhisi kwamba kuna utata. Kifaransa kilimlazimisha mwandishi kuchagua. Na kama mwandishi huyo ni yule aliyeelezwa katika sehemu ya nne, ambaye huiona en kama suala la mtindo, uchaguzi ulifanyika bila yeye kujua kwamba amechagua. Taarifa ikifika kwa msomaji mzoefu wa Kifaransa, atasoma (4) kama kauli thabiti kuhusu dereva. Ikitafsiriwa tena kwa Kiswahili na mtu makini, itakuwa dereva, alipokuwa akivuka njia panda, alimwona mtoto. Utata wa mwanzo umetoweka, na mahali pake pamekaa uhakika usio na mwenyewe.

Nafasi ya umbo nayo ina mchango wake. Partisipo ikihamishiwa mwanzoni, traversant le carrefour, le conducteur a aperçu l'enfant, humwegemea dereva, kwa kuwa ndiye nomino ya karibu na ndiye kiima. Kwa hiyo kuondoa en hakutoshi kumpa mtoto kitendo. Lazima partisipo ikae baada ya nomino mtoto. Jerandi, kwa upande wake, ikihamishwa hubaki kwa dereva. Mwandishi asiyejua tofauti hii anaweza kusogeza kishazi kwa ajili ya mapambo ya mtindo na kuhamisha kitendo kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine.

Zipo njia salama zaidi katika lugha zote mbili, nazo hugharimu maneno machache tu. Kwa Kifaransa, kishazi rejeshi huondoa shaka: l'enfant qui traversait le carrefour. Ndiyo njia inayopendelewa pia katika mazungumzo, ambako partisipo huonekana kuwa ya kitabuni. Kishazi cha alors qu'il traversait hakisaidii ikiwa wote wawili ni wa jinsia moja, kwa kuwa il inaweza kumrejelea yeyote. Kwa Kiswahili, utata wa (3) huondolewa kwa urejeshi, alimwona mtoto aliyekuwa akivuka, au kwa kutanguliza kishazi karibu na kiima, dereva, alipokuwa akivuka, alimwona mtoto. La muhimu ni kwamba uamuzi huo ufanywe na shahidi wakati bado yupo mbele ya mwandishi, si na mtafsiri baadaye.

6. Mfano wa pili: mwisho wa barua

Mwelekeo huo huo wa kufikiri huonekana mahali pengine pasipo na hatari ya kisheria, lakini panaposomwa na wengi: mwisho wa barua za maombi. Mtu anayeomba kazi au kibali huandika:

(6) En espérant une réponse favorable, veuillez agréer, Monsieur, mes salutations distinguées.

Mwandishi ndiye anayetumaini jibu. Lakini kitenzi kikuu, veuillez, ni amri ya heshima inayomwelekea mpokeaji, na kwa kanuni ya jerandi mpokeaji ndiye anayegeuka kuwa mwenye kutumaini. Sentensi inamwambia mkubwa wa ofisi kwamba, huku akitumaini jibu zuri, apokee salamu. Kosa hili si la Warundi peke yao. Wazungumzaji wazawa wa Kifaransa nao hulifanya, na waalimu wa uandishi hulikemea kila mwaka. Marekebisho ni kumrudisha mwandishi katika kiima: en espérant une réponse favorable, je vous prie d'agréer, Monsieur, mes salutations distinguées.

Kwa Kiswahili, nikitarajia jibu lako, tafadhali pokea salamu zangu haina kasoro, kwani ni- imemtaja mwenye kutarajia. Hapa kiambishi cha mtenda kinafanya kazi ambayo jerandi haiwezi. Kwa hiyo mfano huu ni kinyume cha ule wa njia panda: pale Kifaransa kilisema zaidi ya Kiswahili, hapa Kiswahili kinaruhusu zaidi ya Kifaransa.

Ni haki kuongeza kwamba kanuni ya mtenda mmoja haikuwa kali hivi siku zote. Methali ya zamani la fortune vient en dormant haimaanishi kwamba bahati ndiyo inayolala. Anayelala ni mtu ambaye hata hakutajwa. Methali kama hizo ni mabaki ya matumizi ya awali yaliyokuwa huru zaidi, nazo hukubaliwa kwa sababu msikilizaji hana mtu mwingine wa kumfikiria. Hazimpi mwandishi wa taarifa kibali cha kufanya hivyo, maana katika taarifa watu wa kufikiriwa huwa wawili au zaidi.

7. Hitimisho na mapendekezo

Uchambuzi huu unaonesha kwamba en mbele ya -ant hufanya kazi mbili kwa pamoja: huonesha kwamba vitendo viwili vinaambatana, na humfunga mtenda wa cha pili kwa kiima cha cha kwanza. Kiambishi -ki- hufanya ile ya kwanza tu, na kazi ya kumtaja mtenda hukiachia kiambishi kingine, ambacho hushindwa pale ambapo watenda wote ni wa ngeli na nafsi moja.

Kwa wanaotunga mitaala, hii ina maana kwamba somo la jerandi lisianzie katika kuunda -ant. Lianze na sentensi mbili za Kiswahili au Kirundi, nikitoka na akitoka, na mwanafunzi aulizwe ni nani anayetoka kabla ya kuandika Kifaransa. Zoezi linalofuata liwe la watu wawili wa nafsi ya tatu, ili agundue mwenyewe kwamba lugha yake nayo ina mahali pa giza.

Kwa wanaosimamia taarifa na tafsiri katika ofisi za umma, pendekezo ni jepesi zaidi. Kila mahali ambapo maelezo ya shahidi yana watu wawili na kitendo cha -ki- au cha alipokuwa, mwandishi amwulize shahidi swali moja: ni nani aliyekuwa akifanya hivyo? Jibu liandikwe kwa kishazi rejeshi, chenye qui kwa Kifaransa na aliye- kwa Kiswahili, wala lisiachwe kwa -ant. Na mtafsiri anayepokea taarifa ya Kifaransa yenye en asichukulie kwamba en hiyo ilikusudiwa. Palipo na maandishi au sauti ya maelezo ya awali, ayarejee. Pasipokuwapo, aweke tanbihi kwamba mtenda hakuthibitishwa. Mtoto aliye katika njia panda hana njia nyingine ya kuirekebisha sentensi iliyokwisha kuandikwa juu yake.